Kadi Yenye Mapengo: Mwongozo wa Meza ya Chanjo

Ni siku ya kliniki kwenye zahanati ya kijijini, Tanzania. Bibi mmoja anakaa mbele yako akiwa na mjukuu wa miezi 11 mapajani. Mama wa mtoto yuko machimboni Geita, na kwa muda mrefu mtoto amelelewa na bibi huyu. Unafungua kadi. Alizaliwa tarehe 4 Machi. BCG na matone ya polio ya kuzaliwa alipata kesho yake. Tarehe 15 Aprili, akiwa na wiki 6 kamili, alipata chanjo zote za umri huo: matone ya polio ya kwanza, Penta ya kwanza, ile ya kichomi ya kwanza na rota ya kwanza. Baada ya hapo masanduku ni matupu. Leo ni tarehe 10 Februari. Mtoto ana mafua, anakohoa kidogo, kipimajoto kinasoma nyuzi 37.8, na mizani inasema kilo 8.

Kama wewe ni muuguzi mgeni kwenye meza hii, hapo ndipo ratiba ya ukutani inapokuishia. Inakwambia wiki 6, wiki 10, wiki 14, miezi 9, miezi 18. Haikwambii cha kufanya na mtoto aliyeruka masanduku. Nimesikia majibu matatu juu ya mtoto wa namna hii, na yote matatu si sahihi: aanze upya tangu mwanzo, arudishwe nyumbani mpaka mafua yapone, au apewe sindano moja tu leo ili asichoke. Ukijua kwa nini ratiba imepangwa ilivyopangwa, huhitaji kubahatisha.

Sababu ya wiki 6, na sababu ya miezi 9

Umri wa kila chanjo ni suluhu kati ya mambo mawili yanayovutana. Ugonjwa unataka tuwahi, kwa sababu mtoto mchanga ndiye anayeumia zaidi. Mwili wa mtoto nao unataka tungoje, kwa sababu kinga yake bado haijakomaa na damu yake bado ina kinga aliyopewa na mama akiwa tumboni.

Chukua kifaduro, ambacho kimo ndani ya Penta pamoja na dondakoo, pepopunda, homa ya ini B na kile kimelea cha Hib kinacholeta homa ya uti wa mgongo. Kifaduro huua watoto wa miezi ya mwanzo, wale ambao wakikohoa hushindwa kuvuta pumzi na kubadilika rangi. Kwa hiyo hatuwezi kungoja mwaka. Lakini ukichanja kabla ya wiki 6, mwili unajibu kwa unyonge. Wiki 6 ni umri wa mapema kabisa ambao chanjo hii inaleta jibu la maana, na hata hapo dozi moja haitoshi. Dozi ya kwanza inaufundisha mwili, ya pili na ya tatu zinapandisha kinga mpaka kiwango cha kulinda. Kati ya dozi na dozi lazima zipite angalau wiki 4, kwa sababu mwili unahitaji muda huo kumaliza kazi ya dozi iliyotangulia. Ukiwahisha, dozi ya pili inapotea bure.

Zingatia jambo moja hapa: wiki 4 ni kima cha chini. Kima cha juu hakipo. Mwili ulioonyeshwa Penta tarehe 15 Aprili bado unaikumbuka mwezi Februari. Kilichoharibika kwa mtoto huyu ni kwamba kwa miezi yote hiyo ametembea akiwa na kinga pungufu, na hilo haliwezi kurudishwa. Dozi yenyewe bado ni halali. Haanzi upya. Unaendelea pale alipoachia.

Surua ni kisa kingine kabisa. Chanjo yake ni kirusi hai kilichodhoofishwa, na ili ifanye kazi lazima kirusi hicho kizaliane kidogo mwilini. Kinga ya mama iliyobaki kwenye damu ya mtoto inakiua kabla hakijafanya chochote. Nchi ambazo surua ni adimu hungoja mpaka miezi 12 au zaidi, kinga ya mama ikiwa imekwisha. Kwetu surua haijawa adimu hivyo, na mtoto wa miezi 10 anaweza kuipata na kufa. Tumechagua miezi 9 tukijua gharama yake: kati ya watoto 100 wanaochanjwa wakiwa na miezi 9, takribani 85 hujenga kinga, wakichanjwa wakiwa na miezi 12 wanafika takribani 95. Ndiyo maana kuna dozi ya miezi 18. Wazazi wengi, na baadhi yetu pia, huiona kama nyongeza ya kuimarisha, ambayo mtu anaweza kuikosa bila hasara kubwa. Kazi yake hasa ni kuwakamata wale 15 ambao dozi ya kwanza haikushika, na kwa kumwangalia mtoto huwezi kujua kama wako ni mmoja wao.

Ndani ya sindano hiyo hiyo kuna rubela. Rubela kwa mtoto mwenyewe ni upele na homa ndogo. Tunaichanja kwa ajili ya mjamzito wa jirani, ambaye akiambukizwa miezi ya mwanzo anaweza kuzaa mtoto mwenye matatizo ya moyo, macho na masikio.

BCG na matone ya kuzaliwa hayahitaji maelezo marefu. BCG haizuii kila aina ya kifua kikuu. Inamlinda mchanga dhidi ya zile aina kali, hasa ya uti wa mgongo na ile inayosambaa mwili mzima, na kwa hiyo inatolewa mapema iwezekanavyo. Kovu lisipoonekana, usirudie, mradi kadi inaonyesha alichanjwa.

Leo anapata nini

Rudi kwa mjukuu. Ana miezi 11, kwa hiyo amestahili kila kitu cha wiki 10, kitu cha miezi 9, na sindano ya polio ambayo hutolewa wiki 14. Leo hii anapata matone ya polio ya pili, Penta ya pili, ya kichomi ya pili, rota ya pili, sindano ya polio, na surua-rubela ya kwanza. Rota inaweza kutolewa hata kwa mtoto aliyechelewa, mpaka miezi 24. Soma tu lebo, maana kuna aina ya rota inayokamilika kwa dozi mbili na aina ya dozi tatu.

Hizo ni sindano nne na matone ya aina mbili kwa siku moja, na bibi atashtuka. Wewe usishtuke. Chanjo hizi zikitolewa pamoja kila moja inafanya kazi yake, na hazimlemei mtoto kuliko vimelea anavyokutana navyo kila anapotambaa uani. Ukizigawa kwa wiki tatu, mtoto huyu ambaye tayari ameonyesha kwamba haji kwa urahisi atakosa mbili kati ya hizo tatu.

Anza na matone, mtoto akiwa bado ametulia, halafu sindano. Penta paja la kushoto, peke yake, kwa sababu ndiyo yenye kuvimbisha zaidi na ukiona uvimbe utajua ni wa nini. Ya kichomi na ya polio paja la kulia, zikiachana sentimita 2.5, yaani kama upana wa vidole viwili. Hizi tatu ni za msuli, upande wa nje wa katikati ya paja, kamwe si tako. Surua-rubela chini ya ngozi, mkono wa kushoto juu. Kila sindano ni mililita 0.5 na bomba lake. Mshikishe bibi mtoto vizuri, ampakate kifuani huku miguu umeibana wewe au msaidizi.

Kisha andika tarehe za kurudi kwa tarakimu, na zisomwe kwa sauti: tarehe 10 Machi, wiki 4 kamili kutoka leo, kwa matone ya tatu, Penta ya tatu na ya kichomi ya tatu, halafu tarehe 4 Septemba, akitimiza miezi 18, kwa surua-rubela ya pili. Chukua namba ya simu ya mama aliyeko Geita, si ya bibi peke yake. Mama ndiye atakayemhamisha mtoto, na mtoto anaweza kuchanjwa hata huko huko machimboni akiwa na kadi.

Bado kuna suala la chupa. Chupa ya surua-rubela ina dozi nyingi, mara nyingi 10, na ikishachanganywa haikai zaidi ya saa 6. Kama leo mtoto anayehitaji surua ni huyu mmoja tu, je, uifungue? Ifungue. Najua ripoti ya upotevu inaogopwa, na kuna zahanati ambako mama huambiwa arudi siku ya surua, watoto watakapokuwa wengi. Chupa iliyomwagwa ina bei inayojulikana. Mtoto aliyerudishwa bila surua haijulikani kama atarudi.

Nani asichanjwe, na nani anarudishwa bure

Homa ya nyuzi 37.8 na mafua si sababu ya kumwacha. Wala si kuharisha kidogo, kikohozi, utapiamlo, dawa ya antibiotiki anayotumia, kuzaliwa njiti, wala mtindio wa ubongo wa muda mrefu ambao hauzidi kubadilika. Mtoto mwenye utapiamlo ndiye surua humuua kwa urahisi zaidi, kwa hiyo kumnyima kwa kumhurumia ni kumdhuru. Degedege katika ukoo pia si kizuizi, wala mama mjamzito nyumbani.

Homa ya nyuzi 38.5 na kuendelea, au mtoto anayeonekana mgonjwa kweli, ni habari nyingine. Huyo mtibu kwanza, mchanje akipata nafuu. Na mtoto mwenye dalili za hatari, yaani asiyeweza kunyonya au kunywa, anayetapika kila kitu, aliyepata degedege, au aliyelegea na kupoteza fahamu, huyo unampa rufaa mara moja. Usimcheleweshe kwa chanjo. Sababu si kwamba chanjo ingemuua. Akifariki usiku ule, kijiji kizima kitasema ni sindano, na miezi sita ijayo utachanja viti vitupu.

Vizuizi vya kweli ni vichache, na vinajibiwa kwa maswali manne. Uulize kwa lugha ya nyumbani, usiulize kama ana mzio.

La kwanza: "Baada ya sindano ya safari iliyopita, alivimba uso au midomo, akashindwa kupumua au kuzimia, muda mfupi tu baada ya kuchomwa?" Kama ndiyo, chanjo ile ile hairudiwi. La pili, kwa Penta: ndani ya siku 7 za dozi iliyotangulia, alipoteza fahamu kwa muda mrefu au alibadilika akili bila sababu nyingine kujulikana? Huyo hapewi tena sehemu ya kifaduro, na ushauri wa daktari unahitajika. Degedege ya homa iliyotokea ndani ya siku 3 ni jambo la kupima kwa uangalifu, si mlango uliofungwa. La tatu, kwa rota: amewahi utumbo wake kujikunja na kuingia ndani ya mwenzake, akafanyiwa operesheni au kulazwa kwa hilo? Basi asipewe rota.

La nne ni la VVU, na ndilo linalochanganya wengi. Mchanga aliyezaliwa na mama mwenye VVU, asiye na dalili na ambaye kipimo chake bado, anapewa BCG kama wengine. Mtoto aliyethibitika ana VVU anangoja BCG mpaka aanze dawa na hali yake itengemae, kwa sababu kwake kimelea hai cha BCG kinaweza kusambaa. Surua-rubela anapewa, isipokuwa kinga yake iwe imeshuka vibaya sana. Tena huyu ndiye anayepewa dozi ya ziada ya surua akiwa na miezi 6, ambayo haihesabiki. Ile ya miezi 9 na ya miezi 18 zinabaki palepale. Swali hili usiliulize mbele ya foleni.

Hata ukiuliza yote, mmoja kati ya watoto wengi sana anaweza kupata mzio mkali. Ndiyo maana kila aliyechanjwa anakaa hapo benchini dakika 15 mpaka 30, na adrenalini iko juu ya meza, si kabatini kwa mfamasia. Kipimo cha dawa ya 1:1000 ni mililita 0.01 kwa kila kilo ya mtoto, kwenye msuli wa paja. Kwa mjukuu wetu wa kilo 8 ni mililita 0.08, inayovutwa kwa bomba dogo la mililita 1.

Baridi, na baridi iliyozidi

Chanjo zote hizi zinakaa kati ya nyuzi 2 na 8. Kila mtu anajua joto linaharibu. Kinachosahaulika ni kwamba kwa chanjo kadhaa barafu inaharibu haraka zaidi, na haiachi alama inayoonekana kirahisi. Matone ya polio, BCG na surua-rubela ya unga havidhuriki kwa kuganda. Penta, ya kichomi, Td, ya homa ya ini B, ya HPV na sindano ya polio vinaharibika vikiganda mara moja tu, na kuviyeyusha hakuvirudishi.

Kwenye chupa kuna alama ya VVM, duara lenye mraba katikati. Mraba ukiwa mweupe kuliko duara, tumia. Ukianza kukolea lakini bado ni mweupe kuliko duara, tumia chupa hiyo kwanza kabla ya nyingine. Rangi zikilingana, au mraba ukizidi kukolea, tupa hata kama tarehe ya mwisho ni mwakani. Alama hii huhesabu joto tu. Chupa iliyoganda usiku kucha inaweza kuwa na VVM safi kabisa.

Pa kugandisha hasa ni pawili. Pa kwanza ni ndani ya friji, chupa za Penta zikigusa ukuta au zikikaa chini kabisa kwenye friji ya kufungulia juu. Ziweke kwenye vikapu, na chini viwe vile visivyodhuriki. Pa pili ni kibebea chanjo cha siku ya mkoba. Mtu anachukua pakiti za barafu moja kwa moja kutoka kwenye friza, zikiwa ngumu kama jiwe na nyuzi chini ya sifuri, anazipanga, anaweka Penta katikati, na anapanda bodaboda akijisifu kwamba baridi ipo. Toa pakiti mezani kwanza. Ngoja mpaka zianze kutoka jasho na ukizitikisa karibu na sikio usikie maji yakigonga barafu ndani. Hapo zimefika sifuri na hazitashuka tena chini yake. Katika siku ya joto ya Pwani ni muda mfupi. Kule Makete asubuhi ya mwezi wa saba utangoja sana, na hutakiwi kuzipeleka juani kuharakisha.

Ukiwa na shaka kwamba Penta iliganda, kuna jaribio la kutikisa. Chukua chupa moja ya kutoa mhanga, ya mtengenezaji yule yule na toleo lile lile, iandike "IMEGANDISHWA", igandishe mpaka iwe imara kabisa, halafu iache iyeyuke yenyewe. Ishike pamoja na ile yenye shaka kwa mkono mmoja, zitikise kwa sekunde 10 au 15, ziweke wima mezani zikiwa bega kwa bega, mwanga ukiwa nyuma yake, uzitazame mpaka dakika 30. Katika chanjo hizi viini vimenata kwenye chembe ndogo za chumvi ya alumini zinazoelea na kufanya maji kuwa meupe. Barafu inazisukuma chembe hizo zikashikana na kuwa nzito. Kwenye chupa iliyogandishwa utaona mashapo yakishuka haraka na maji ya juu yakiwa angavu. Chupa yenye shaka ikishuka kwa mwendo ule ule au upesi zaidi, iliganda, itupe. Ikishuka polepole kuliko ile, ni salama. Jaribio hili halifai kwa sindano ya polio, ambayo haina chembe hizo na ni maji angavu tangu mwanzo. Ikiwa na shaka, iache. Na chupa uliyoikuta imeganda kwa macho yako haihitaji jaribio.

Soma joto la friji mara mbili kwa siku, asubuhi na jioni, Jumamosi na Jumapili zikiwemo. Nimeona majedwali yenye nyuzi 4 asubuhi na nyuzi 4 jioni kwa mwezi mzima, kwa mwandiko mmoja na kalamu moja. Hakuna friji ya gesi duniani yenye tabia nzuri hivyo.

Kuhusu kuchanganya: surua-rubela na BCG ni unga unaochanganywa kwa maji yake maalumu, ya mtengenezaji yule yule, yaliyopoa kufikia joto la chanjo. Andika saa kwenye chupa. Ukichanganya saa tatu asubuhi, mwisho ni saa tisa alasiri, au mwisho wa kliniki kama utatangulia. Chupa hizi hazina dawa ya kuzuia vimelea, na bakteria akiingia anazaliana humo. Mwezi Mei 2017, katika kijiji kimoja cha Kapoeta, Sudan Kusini, watoto 15 walifariki wakati wa kampeni ya surua. Uchunguzi ulikuta bomba moja la kuchanganyia lilitumika siku zote nne za kampeni, na chanjo ilihifadhiwa ndani ya nyumba bila baridi. Chanjo yenyewe ilikuwa nzima ilipotoka kiwandani. Mwaka 2014, Idlib huko Siria, watoto wengine 15 walikufa kwa sababu dawa ya kulegeza misuli ya chumba cha operesheni ilihifadhiwa pamoja na maji ya kuchanganyia, na mtu akachukua chupa isiyo sahihi. Ndani ya friji ya chanjo haikai insulini, wala oksitosini, wala soda ya mganga mfawidhi.

Kabla bibi hajaondoka

Watu wanakumbuka machache, hasa mtoto akiwa analia. Kwa hiyo sema machache, na umwambie bibi arudie.

"Bibi, leo amechanjwa za polio, kifaduro, kichomi, kuharisha na surua. Usiku wa leo au kesho anaweza kuchemka, na paja likavimba kidogo. Mnyonyeshe au mpe maji na uji kama kawaida, mvue nguo nzito. Paja liwekee kitambaa kilicholowa maji baridi." Hapo atakuuliza kama amkande kwa maji ya moto. Mwambie hapana, na useme kwa upole, maana amewalea wengi kwa mkono huo huo. Wala asipake mafuta ya taa, wala majani. Uvimbe mgumu usiouma unaweza kubaki wiki kadhaa, na unaisha wenyewe.

Panado asipewe kabla ya homa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2009 katika jarida la Lancet uliona kwamba watoto waliopewa parasetamoli kwa kinga, wakati wa kuchanjwa, walijenga kingamwili chache kwa baadhi ya chanjo. Akichemka na kusumbuka, apewe miligramu 15 kwa kilo. Kwa kilo 8 ni miligramu 120, na sirapu nyingi hapa zina miligramu 120 ndani ya mililita 5, yaani kijiko kimoja kidogo. Aspirini hapana kabisa.

Halafu mwambie lile ambalo wengi hawaambiwi, na ndilo linaloleta maneno kijijini. Homa ya Penta huja ndani ya siku moja au mbili. Homa ya surua huja baadaye, kati ya siku ya 5 na ya 12, na watoto wachache wanatoka upele kwa siku mbili tatu. Bibi asiyejua hili, siku ya 8 atasema mmempa mjukuu wake surua. Ukimwambia leo, siku ya 8 atasema walinieleza.

Lakini usimfundishe kwamba kila homa ni ya chanjo. Ikizidi siku 2, aletwe apimwe malaria. Akikataa kula, akitapika kila kitu, akipata degedege, akilegea, akilia bila kunyamazika kwa saa 3 au zaidi, aletwe siku hiyo hiyo, hata usiku. Kwa mama wa mtoto wa wiki 6 kuwa mkali zaidi, maana mtoto wa chini ya miezi 2 mwenye homa anaweza kuwa na maambukizi ya damu, na kumngojea huku sindano ikisingiziwa kumewahi kuua. Mama wa mchanga aliyepata BCG naye aambiwe kwamba wiki ya pili kitatokea kipele, kitapasuka na kutoa maji, kisha kitaacha kovu ndani ya miezi miwili au mitatu. Asikikamue, asikifunge, asikipake unga wa dawa.

Mwisho ulizia kwa namna ya kumfanya bibi aongee: "Bibi, akichemka kesho utafanyaje? Na tarehe gani mnarudi?" Akikosea, rudia pale alipokosea tu. Kadi irudi mkononi mwake ikiwa ndani ya mfuko wa nailoni, na akumbushwe kwamba itaulizwa mpaka shuleni. Kama siku zijazo atarudi na tatizo lolote lililofuata chanjo, lijaze kwenye fomu ya matukio baada ya chanjo na umpigie mratibu wa chanjo wa wilaya siku hiyo, ukiandika namba ya toleo la kila chupa uliyotumia. Namba hizo ziandike leo kwenye rejista, chupa ikiwa bado mkononi.